Jedwali la mgao wa maji: kijani na nyekundu zinawachanganya watu, nitumie rangi zipi?

KaribuMtaa: Wakuu, salaam. Natengeneza jedwali la mgao wa maji la kubandika ubao wa ofisi ya mtaa, karatasi ya A3. Siku ya maji nimeijaza kijani (#388E3C), siku kavu nyekundu (#D32F2F), ndani ya visanduku sijaandika kitu. Mzee mmoja kasema analiona lote rangi moja, ya udongo. Nifanyeje?

Msafiri_TZ: Mzee akapimwe macho apewe miwani. Na wewe kuza maandishi.

Dafrau: Miwani haigusi hapo. Mimi niko hivyo tangu utotoni, nyanya sokoni nachaguliwa na mwanangu. Taa ya chaja ndiyo usiseme.

RangiZote: Toa kopi nyeusi na nyeupe. Visanduku vikitofautiana, umemaliza.

Fundi Mabango: Kopi inasaidia ila haimalizi. Hizo rangi zako nimezipima mwanga, uwiano ni 1.2 kwa 1. Zinang'aa karibu sawa, kwa hiyo asiyetofautisha rangi zenyewe hana kingine cha kushika. Kopi ingekuonyesha hilo. Lakini wapo ambao nyekundu kwao inazama kuelekea nyeusi: ukiandika kwa nyekundu juu ya nyeusi, kopi itatoa kijivu kinachosomeka, wao wataona giza.

Siku ya maji weka bluu #0072B2 na maandishi meupe, unapata kama 5.2 kwa 1. Maandishi ya kawaida yanataka angalau 4.5. Siku kavu weka rangi ya chungwa #E69F00 na maandishi meusi, hapo inapita 9. Meupe juu ya chungwa usithubutu, inashuka hadi 2 na kidogo. Halafu andika MAJI au HAKUNA ndani ya kila kisanduku. Wino wa printa ukipigwa jua, chungwa huwahi kupauka. Neno jeusi litabaki.

KaribuMtaa: Kuna siku maji yanatoka usiku tu. Nilitaka njano.

Fundi Mabango: Chungwa ikipauka utashindwa kuitenga na njano. Acha kisanduku cheupe, mpaka mweusi mnene, andika USIKU.

RangiZote: Mwenyekiti atakubali bluu? Watu wamezoea kijani ndiyo ruhusa.

Dafrau: Mwonyeshe kwa simu. Android ingia Developer options, kisha "Simulate color space", chagua Deuteranomaly, fungua lile jedwali la mwanzo. Si sawasawa na macho yangu, ila ataelewa.

KaribuMtaa: Kaona, kashangaa, lakini bado anataka kijani.

Fundi Mabango: Basi kijani kizito, #1B5E20, maandishi meupe, karibu 8 kwa 1. Siku kavu iwe nyeupe tupu, na ya usiku uichore mistari ya mshazari, neno liwe pembeni lisikatwe na mistari.

RangiZote: Mistari kwenye A3, mtu wa mbali ataona kijivu tu.

Fundi Mabango: Ikiwa myembamba, ndiyo. Chapa moja uibandike, kisha umwite yule mzee asome akiwa barabarani.