Hapa Maskati naitwa azizati, habibti na hayati. Lipi la kuniogopesha?

BintiPongwe: Wakubwa shikamooni. Nina miezi minne Maskati, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kiarabu changu ni cha madrasa: kusoma nasoma, maongezi yananipita. Mhasibu wetu Mmisri, rika la baba yangu, kila barua pepe anaanza "Azizati" halafu jina langu. Dada wa Kiomani wa meza ya jirani ananiita habibti kutwa. Juzi saa nne usiku kijana wa Kilebanoni wa mauzo akaniandikia Watsapu, "Shukran hayati", kwa kuwa nilimtafutia hati ya kontena. Kwetu hayati ni marehemu, nikashtuka. Nilimsomea mchumba wangu aliyeko Tanga, na kilichomuuma ni azizati. Anasema mzee ananitaka. Nipeni uzito wa kila neno, na kijana nimjibuje?

Chuma_cha_Reli: Mwarabu habibi anamwita hata dereva wa teksi. Hayana maana hayo, puuza yote.

MfasiriRuwi: Marahaba binti. Chuma, hapo umepata nusu. Mwanamume kumwita mwanamume mwenzie habibi ni jambo la kila saa, hata wakigombania maegesho. Mwanamke kwa mwanamke, habibti ni vivyo hivyo, kwa hiyo dada yako wa Kiomani hana neno. Uzito unabadilika mwanamume anapomwambia mwanamke asiye wake. Huku Oman mwanamume mwenye adabu humwita mwanamke asiyemjua "ukhti", dada yangu.

Azizati ndiyo imewapoteza kwa sababu ya Kiswahili chetu. Sisi azizi tumeipeleka kwenye taarabu na barua za mapenzi, ikapata moto. Kwenye Kiarabu cha leo imebaki mwanzo wa barua. Fungua ujumbe wa benki yako uliokuja kwa Kiarabu, utaona "azizi al-amil", yaani mteja. Benki haikutongozi. Mwambie mchumba wako ni kama mtangazaji wa redio anaposema "mpenzi msikilizaji".

Salma_wa_Bukavu: Kwetu yako hivyo na Kifaransa. Mwanamke mwenzangu sokoni akiniita mashere, ni shoga tu anataka ninunue nyanya. Lakini sheri ni ya mume. Mwanamume wa ofisini akiniita sheri namwuliza hapohapo, "Sheri wa nani?"

Babu_Juma: Mimi natafuta neno la Kiarabu la kumwita mke wangu. Nimeona kwenye mashairi "kalbi", moyo wangu. Linafaa?

MfasiriRuwi: Usilitamke hivyo mbele ya Mwarabu, mzee wangu. Moyo ni kwa qaf, ile ya kooni. Ukisema kwa "k" yetu ya kawaida umemwita mbwa wako. Hapa Ghuba wengi husema "galbi", Kairo na Beiruti "albi". Shika mojawapo ya hayo.

Binti, sasa hayati. Kwao ni "maisha yangu", ndugu wa "omri", umri wangu, na "rohi", roho yangu. Haya yako juu ya habibti, ni ya mke na mume au mzazi na mwanawe. Tatizo ni kwamba Walebanoni huyamwaga ovyo, hata muuza duka kwa mteja. Neno pekee halitoshi kumhukumu. Sikiliza kama anawaita hivyo wengine mbele za watu. Ukimsikia mchana kweupe anakuita kwa jina tu, na usiku hayati, ujue linatoka wapi. Kwa sasa mjibu "Afwan, ustaz" na jina lake. Ustaz inarudisha meza katikati yenu bila ugomvi.

Dada_wa_Mutrah: Mimi nakataa kumsubiri. Nimefanya kazi na Walebanoni miaka sita, mwenye heshima anajua yuko Oman na anapunguza. Saa nne usiku si saa ya hati ya kontena.

MfasiriRuwi: Saa hiyo kweli inanitia shaka hata mimi.

BintiPongwe: Nimerudi. Mchumba nilimtumia picha ya ujumbe wa benki, akanyamaza kidogo, akasema basi mzee nimsalimie. Kijana nilimjibu "Afwan, ustaz". Leo jikoni nimemsikia akimwambia mama wa chai hayati, na mama mwenyewe amecheka. Nikapata nafuu. Lakini jioni hii tena, saa tatu na nusu, "Masaa al-khair ya hayati", wala hakuna mzigo wowote anaoulizia.

Dada_wa_Mutrah: Usijibu usiku. Mjibu kesho saa mbili asubuhi, kwa barua pepe ya ofisi, uanze "Azizi" na jina lake.