Seli T inakataa kuua seli yenye kirusi kilekile: nijibuje hili swali?

Msomaji_Usiku: Wakuu, naombeni msaada. Kuna swali linatokana na jaribio la Zinkernagel na Doherty la 1974. Seli T, zile seli za kinga, za panya wa aina ya kurithi H-2d aliyeambukizwa kirusi cha LCMV zinaua seli za H-2d zenye LCMV, lakini seli za aina nyingine, H-2k, zenye kirusi hichohicho zinaziacha. Kirusi ni kimoja, sasa kinachobadilika ni nini? Niandike nini?

Mzee_wa_Darubini: Rahisi. Seli T inashika kirusi juu ya seli kama kingamwili inavyofanya, ila lazima MHC, zile protini za juu ya seli ambazo H-2d na H-2k ni aina zake, iwe ya kwao. Andika hivyo.

Bi_Proteini: Nusu ya pili ni sawa, ya kwanza futa. Seli T haioni kirusi kizima. Protini za kirusi hukatwakatwa ndani ya seli, vipande vikapitishwa na mlango wa ndani ya seli uitwao TAP, kisha vile vinavyoenea kwenye mfuo wa MHC ndivyo hupandishwa juu. Kwa panya wa H-2d, kipande kikuu cha LCMV ni RPQASGVYM, amino asidi 9. Kinakaa kwenye MHC iitwayo Ld, inayopenda prolini nafasi ya 2. Seli ya H-2k inatengeneza protini hiyohiyo, lakini haina Ld ya kukibeba. Na hata ingekuwa na MHC nyingine ya kukishika, kipokezi cha seli T kinagusa kipande pamoja na kingo za MHC, kwa hiyo sura nzima ingekuwa nyingine.

Ongeza na jaribio la kidhibiti: chukua seli za H-2d zisizo na kirusi, ziwekee RPQASGVYM kwa nje. Zitauawa. Kirusi hakipo kabisa hapo.

Kaka_Mkubwa: Mdogo wangu anasubiri figo. Kumbe MHC ya mgeni haionekani? Basi kwa nini wanahangaika kutafuta anayelingana?

Bi_Proteini: Hapana kaka, usichukue hivyo. Seli T zilizoachia seli za H-2k ni zile zilizozidishwa na kirusi. Mwilini zimo nyingine nyingi zinazoshika MHC ngeni moja kwa moja, kwa sababu thimasi, tezi ambamo seli T hukomaa, huchuja kwa MHC ya mwenyewe tu. Zikipewa siku kadhaa za kuamka na kuongezeka, zinashambulia. Ya mdogo wako muulizeni daktari wake.

Msomaji_Usiku: Asante dada. Na kirusi kikiziba TAP, kama herpesi inavyofanya kwa protini yake ICP47?

Bi_Proteini: MHC juu ya seli inapungua, seli T inapita tu. Ila seli za NK, wauaji wengine wa kinga, huzuiwa na hiyohiyo MHC, kwa hiyo ikipungua breki inalegea.

Mzee_wa_Darubini: Sawa, nimekubali. Lakini kipokezi kinazaliwa kikiielekea MHC, au ni CD4 na CD8, protini saidizi za seli T, ndani ya thimasi zinazokilazimisha?

Bi_Proteini: Hapo wataalamu wenyewe bado wanavutana. Mimi naegemea la kwanza, ila panya waliotolewa CD4, CD8 na MHC zote wananisumbua: vipokezi vyao vingine vinashika protini isiyo na MHC kabisa.