Meno ya Mudi

Shangazi Rehema: Asalaam aleikum ukoo. Mudi hajalala siku ya tatu, ana homa na anaharisha. Nimemfunua mdomo, ufizini kuna vivimbe vyeupe. Ni meno ya plastiki hayo! Fundi anakuja Jumamosi kuyatoa. Kila nyumba itume 5,000 kwangu leo.

Baba Mdogo Juma: Mimi jino la mwisho linaniua tangu Idi. Atanifanyia na mimi?

Kaka Seif: Baba Mdogo wewe huna jino, una gofu 😂

Shangazi Rehema: Jamani tuwe siriasi. Nani ametuma?

Neema: Shikamoo shangazi. Usimwite huyo mtu. Hivyo vyeupe ni machonge yake ya utotoni, bado yamo ndani ya ufizi. Hutoka akifika kama mwaka na nusu. Yakichimbwa mtoto huvuja damu, huweza kupata pepopunda, na hata chonge la ukubwani huharibika. Asha, umempima joto?

Mama Mdogo Saumu: Lakini Neema, jino linakosesha usingizi kweli, wangu wote walilia. Mpakeni ile jeli ya ganzi ya duka la dawa.

Neema: Ni kweli mama mdogo, ufizi huuma siku chache jino linapochomoza, mate yanamtoka, anatafuna kila kitu. Ila jeli ya ganzi hapana, inaweza kuzuia damu isibebe hewa vizuri. Lowesha kitambaa safi, kiweke kwenye friji kipoe bila kuganda, atafune ukiwa umemshika. Au osha kidole umsugue ufizi taratibu.

Shangazi Rehema: Kitambaa kitaponya kuharisha?

Neema: Hakitaponya, kwa sababu kuharisha hakuletwi na meno. Ana miezi 8, anatambaa, anaokota na kula.

Hamisi: Shangazi, na mimi ulinipeleka kwa fundi. Chonge langu la juu halijaota hadi leo. Kwenye picha ya harusi nimefunga mdomo.

Kaka Seif: 😶

Shangazi Rehema: Hamisi, ulikuwa unakufa wewe.

Asha: Samahanini, nilikuwa namnyonyesha. Joto 38.7. Choo cha maji mara sita tangu alfajiri.

Neema: Meno hayafikishi 38.7. Nenda zahanati sasa hivi apimwe malaria, usingoje Jumamosi. Ziwa usikatize, na uombe ORS na zinki. Macho yakididimia au akikataa kunyonya, hospitali moja kwa moja.

Asha: Sawa dada. Akipona atalala? Hata kabla ya homa alikuwa ananiamsha saa nane usiku.

Neema: Hilo la kuamka ni umri, anakutafuta wewe. Tutaongea.

Bibi (anaandika Zuhura): Kinywa cha mjukuu wangu hakiguswi na chuma. Rehema, rudisha hela za watu.

Shangazi Rehema: Sawa mama.

Shangazi Rehema: Ila fundi nimeshampa nauli.

Baba Mdogo Juma: Basi aje anitazame mimi.

Asha: Nimefika. Foleni ni ndefu.