Kebo za taa za jukwaani: pini 3, pini 5, au waya wa maiki?

mpiga_taa_mza: Wadau, ukumbini tuna taa 8 za LED zenye matundu ya pini 3. Tumeziunga kwa waya za maiki. Sita za mwanzo zinatii, mbili za mwisho zinachezacheza rangi zenyewe. Ninunue kebo za DMX, zile maalumu za kupeleka amri za kontrola kwenye taa, za pini 3, au nihamie pini 5?

Baba Sauti: Hamia pini 5. Zile pini mbili za ziada zinabeba data zaidi, ndiyo maana mawimbi yanafika mbali.

fundi_kebo: Kaka Baba Sauti, hapo sikubaliani. Pini 5 ndiyo inayotakiwa na kiwango cha DMX512, lakini data inapita pini 2 na 3 tu, na pini 1 ni ya shildi. Pini 4 na 5 kwenye taa nyingi hazina kazi. Faida kubwa ya pini 5 ni kwamba mtu hawezi kuichomeka kwenye mixa kwa bahati mbaya, akapeleka volti 48 za maiki kwenye taa.

Tatizo lako liko ndani ya waya. DMX inapeleka biti 250,000 kwa sekunde, na inataka kebo ya omu 110 hadi 120. Waya wa maiki mara nyingi uko chini sana ya hapo, na unalainisha kingo za mawimbi ambazo taa inazihitaji ili kuisoma data. Sauti haijali hayo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote zina nyaya mbili na shildi, kwa hiyo soma maandishi kwenye ganda.

dada_stejini: Kwetu spika zinanguruma taa zikiwashwa. Ni hizohizo waya?

fundi_kebo: Hapana dada, hiyo ni ya umeme na athi. Ifungulie mada yake.

Mpiga taa, kabla ya kununua, chukua plagi dume ya pini 3, uchomelee rezista ya omu 120 kati ya pini 2 na 3, uichomeke kwenye tundu la kutoa la taa ya nane. Bila hiyo, mawimbi yakifika mwisho yanarudi na kugongana na yanayokuja. Wakati mwingine taa ya katikati ndiyo inayosumbuka, kwa hiyo usihukumu taa.

Baba Sauti: Lakini mimi nimetumia waya za maiki miaka mingi bila shida.

fundi_kebo: Taa mbili tatu na waya mfupi, inawezekana. Ukiongeza taa ndipo inaanza.

mpiga_taa_mza: Nimeweka rezista. Ya nane imetulia, ya saba bado inaruka mara mojamoja. Naagiza kebo za omu 110 za pini 3, maana taa zangu ni za pini 3.

mzee_wa_stendi: Mimi ningechukua za pini 5 na adapta, ukumbi ukikodiwa wageni watakuja na za pini 5.

fundi_kebo: Adapta nyingi kwenye mnyororo ni maungio mengi ya kulegea, mzee wangu. Weka moja tu, pale kontrola inapoingia.