Miamala milioni 40, unataka 20 tu: upange faili lote au ushike hipu ndogo?

Mdadisi_Lira: Jamani naomba mtuamulie. Kila usiku tunapokea faili la miamala ya mobaili mani, mistari kama milioni 40, na mkaguzi anataka ile 20 mikubwa tu. Mimi napanga faili lote halafu nakata 20 za juu, mwenzangu anasema napoteza muda, tutumie hipu ndogo, yaani rundo kwenye memori linalobakiza zile 20 kubwa tu. Nani ana haki?

Kijana_Ntinda: Wewe uko sawa, wachana naye. Watu wanatisha wenzao eti memori itajaa, lakini amri ya `sort` ikiona faili ni kubwa inaandika vipande kwenye `/tmp` halafu inaviunganisha, kompyuta haifi. Mstari mmoja tu na kazi imeisha:

```
sort -t, -k3,3nr miamala.csv | head -n 20
```

Hipu ni mambo ya intavyuu za kazi.

Mzee_wa_Seva: Kijana hapo kwa `/tmp` umesema kweli, lakini angalia unacholipia. Unaandika faili zima upya kwenye diski, unalisoma tena kuliunganisha, na kupanga milioni 40 ni kama ulinganisho bilioni moja, yote hayo ili ujue nani ni wa 21, nani wa 22, mpaka wa milioni 40, na hao hakuna aliyewauliza.

Hipu inafanya hivi. Tuseme unataka 3 badala ya 20 ili tuone vizuri. Umeshashika 50,000 na 80,000 na 120,000. Mdogo wao, yaani 50,000, ndiye anakaa juu ya hipu, tumwite wa mlangoni. Inakuja 70,000: inashindana na huyo wa mlangoni peke yake, inamshinda, 50,000 anatoka na sasa mlangoni yuko 70,000. Inakuja 60,000: haimfikii wa mlangoni, inapita zake, hujagusa kitu. Inakuja 300,000: 70,000 anatoka, mlangoni anahamia 80,000. Umebaki na 80,000 na 120,000 na 300,000. Ndiyo maana unaweka mdogo juu ingawa unatafuta wakubwa. Wengi hapa wanageuza, wanamweka mkubwa juu, halafu kila mstari mpya inabidi wamtafute mdogo yuko wapi.

Na utamu wenyewe ni huu: miamala ikija bila mpangilio wowote, mlango unapanda bei haraka sana. Mwanzoni kila mtu anaingia, baada ya laki chache karibu hakuna anayeingia. Kwa milioni 40 ukishika 20, hesabu inatoa wastani wa kama mara 310 tu ambazo hipu inabadilika. Mara 310! Mistari mingine yote ni ulinganisho mmoja na kwaheri. Muda wako wote utaisha kwenye kusoma diski.

Kijana_Ntinda: Sawa mzee lakini hiyo ni bahati. Nikikuletea faili ambalo tayari limepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, kila mstari unaingia na hipu yako inakufa.

Mzee_wa_Seva: Haifi, inachoka. Kila mstari utaingia kweli, na kila ukiingia hipu ya 20 inashuka ngazi zisizozidi nne. Zidisha na milioni 40, bado uko chini ya ile bilioni yako. Ila nikupe haki yako: ukiipa `sorted` ya Python faili kama hilo itagundua kwamba limeshapangwa na itapita mara moja tu, kwa hiyo kwa idadi ya ulinganisho hapo unanishinda. Lakini umebeba mistari milioni 40 kwenye memori, mimi nimebeba 20.

Nyabo_Mbale: Mnagombana bure. Sisi data iko ndani ya PostgreSQL, naandika `ORDER BY kiasi DESC LIMIT 20`, nikiweka `EXPLAIN ANALYZE` mbele yenyewe inaniambia `Sort Method: top-N heapsort`. Yaani hiyo hipu iko ndani tayari. Ukisahau `LIMIT` ukaenda kukata 20 kwenye programu yako, ndipo unaona `external merge` na diski inalia. Na kama kuna indeksi kwenye `kiasi` hata hipu haihitajiki, inasoma 20 za mwisho na kusimama.

Mdadisi_Lira: Sisi ni CSV nyabo, hatupewi databezi. Jana tulijaribu hipu ya mwenzangu, orodha ikatoka ya ajabu, yote inaanza na 9: 99,900 na 99,500 na 98,000, wakati najua kuna miamala ya mamilioni.

Mzee_wa_Seva: Hiyo ni dalili ya kiasi kusomwa kama maandishi. Kwa maandishi "98000" ni kubwa kuliko "3000000" kwa sababu 9 inaishinda 3. Hipu haina kosa, na ukisahau ile `n` kwenye `sort` utapata ugonjwa huohuo. Geuza kuwa namba kwanza:

```python
import heapq

juu = []
for i, m in enumerate(mistari):
    kiasi = int(m["kiasi"])
    if len(juu) < 20:
        heapq.heappush(juu, (kiasi, -i, m))
    elif kiasi > juu[0][0]:
        heapq.heapreplace(juu, (kiasi, -i, m))
```

Hiyo `-i` msiifute. Viasi viwili vikilingana Python itataka kulinganisha kitu kinachofuata, na kama kinachofuata ni `m` ambayo ni dict itagoma na `TypeError`, tena saa nane usiku mkiwa mmelala.

Mama_Sakosi: Mimi nimeshukuru, nimeichukua niitumie kwa sakosi yetu hapa Kasese nipate wanachama 20 wanaoweka zaidi, maana tunataka kuwapa zawadi mwisho wa mwaka.

Nyabo_Mbale: Mama ngoja! Hiyo itakupa mara 20 ambapo mtu aliweka pesa nyingi kwa mpigo. Mwanachama aliyeleta 1,000,000 siku moja ataonekana, na yule anayeleta 40,000 kila mara mpaka mara 30, ambaye jumla yake ni 1,200,000, hatakanyaga mlangoni kabisa. Wewe jumlisha kwanza kwa kila mwanachama, halafu zile jumla ndizo upitishe kwenye hipu. Na usichukue 20 bora za kila tawi ukaziunganisha, mtu anaweza kuwa wa 25 kila tawi lakini ukijumlisha matawi yote ni wa kwanza.

Mama_Sakosi: Banange. Kwa hiyo lazima niwashike wanachama wote?

Nyabo_Mbale: Jumla zao ndiyo. Wako wangapi, elfu chache? Hao hata ukiwapanga wote hakuna shida, hipu ya nini.

Karani_Gulu: Mimi si mtu wa programu lakini nimefanya ukaguzi. Mobaili mani ina ukomo wa kiasi kwa muamala mmoja, na watu wengi wanatuma mpaka ukomo kamili. Kwa milioni 40 mnaweza kuwa na maelfu yaliyolingana pale juu. Hiyo programu itanipa 20 gani?

Mzee_wa_Seva: Zile 20 zilizotangulia kwenye faili. Alama ni `>` si `>=`, kwa hiyo zinazolingana na mlango haziingii.

Karani_Gulu: Basi mwizi akituma jioni simuoni kamwe.

Kijana_Ntinda: Na ukipanga faili lote unawaona wote wamejipanga pale juu 😄

Mzee_wa_Seva: Ukikata `head -n 20` huwaoni vilevile. Ukitaka wote waliolingana unapita faili mara ya pili ukichukua kila kiasi kisichopungua cha mlangoni, bado ni rahisi kuliko kupanga. Lakini kama ni maelfu, mkaguzi atasoma maelfu?

Karani_Gulu: Mimi ningeuliza jumla ya kila namba ya simu kwa siku, kama ya mama wa Kasese.

Mdadisi_Lira: Namba za simu kwetu ni mamilioni, si elfu chache. Ngoja nimuulize mkaguzi anatafuta nini hasa, nitarudi.