Menyu ya kutuma pesa inakufa ukishaweka namba ya siri, halafu muamala unapita kimyakimya. Nimelipa mahindi mara mbili Kibaigwa

MnunuziKongwa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nanunua mahindi soko la Kibaigwa. Juzi nimechukua gunia nane kwa mzee mmoja aliyeshusha mzigo kutoka Kiteto, 80,000 kwa gunia, jumla 640,000. Mzee ana kitochi, mimi nina simu ya kupangusa lakini bando lilikuwa limekwisha. Nikapiga menyu ya nyota na reli kama siku zote. Tuma pesa, namba yake, kiasi, jina lake likaja sawa, nikaweka namba ya siri. Kikazunguka kile kiduara, halafu kikaja hiki:

```
Connection problem or invalid MMI code.
```

Hakuna meseji kwangu, hakuna meseji kwa mzee. Nilikuwa nimesogea upande wa mizani, nikampigia simu kumuuliza, tukaongea vizuri kabisa. Nikarudi kwenye menyu kuangalia salio: pesa yote ipo. Mzee anataka kuondoka na gari linamsubiri. Nikatuma tena, menyu ikakubali hadi mwisho. Baadaye zikaingia meseji mbili kwa mfululizo, zote 640,000, zote kwa mzee yuleyule. Kufikia hapo alishatoa kwa wakala na yuko njiani.

Huduma kwa wateja wananijibu kwamba mimi ndiye niliyetuma mara mbili, kwa hiyo nimwombe mpokeaji arudishe. Nimeangalia salio kabla ya kurudia! Mlitaka nifanye nini zaidi? Kwa nini mtambo wenu unaniambia pesa ipo wakati mmeshaipangia safari?

Jirani_wa_Nkuhungu

Pole sana mkuu. Ungekuwa na bando usingepata hilo. Hizi menyu zinatumia intaneti ya kampuni yenyewe, sasa ukiwa huna MB wanakuweka foleni ya mwisho. Weka hata bando la siku.

MnunuziKongwa

Mkuu, mzee wa kitochi bando ataliweka wapi? Na mimi siku zote natuma bila bando.

FundiMinara

Jirani, hapo umepotosha. Menyu hizi hazigusi intaneti kabisa. Ukipiga namba inayoanza na nyota na kuishia na reli, simu inaipeleka kwenye njia ileile ndogo ambayo mtandao unaitumia kuunganisha simu na kupitisha meseji. Ndiyo maana kitochi kwenye 2G kinafanya kazi sawa na simu ya milioni.

Sasa Mnunuzi, tatizo lako ni mnara. Kwenye 2G, nafasi moja ya mnara ikitengwa kwa mawasiliano haya madogo inagawanyika mara nane tu. Meseji inakaa hapo sekunde chache na kuondoka. Mtu wa menyu anashikilia nafasi yake muda wote anaposoma, anapotafuta namba, anapomuuliza mwenzake kiasi. Fikiria Kibaigwa soko limechangamka, kila mtu analipa kwa simu. Nafasi zinajaa, wanaotaka kuingia wanakataliwa. Nimefanya kazi za minara Kongwa na Mpwapwa, hilo nalijua.

MamaWaChangombe

Mimi ilinitokea kwenye LUKU. Nimelipa, menyu ikakata, pesa imeondoka, tokeni haiji. Nimelala gizani na watoto. Kesho yake kijana akaniambia simu yangu ndogo imejaa meseji, haipokei mpya. Nikafuta za matangazo, tokeni ikaingia yenyewe baadaye kidogo, tarakimu zote 20. Angalieni na hilo.

MnunuziKongwa

Mama pole, ila mimi meseji zilifika. Tena zilifika mbili.

Mchana_Kodi

Nimejenga menyu za vikundi vya kukopeshana na ushirika kwa miaka, nimekaa upande wa pili wa hizi namba. Mnunuzi, kabla ya kuhukumu mnara naomba vitu viwili. Fungua meseji zote mbili. Ndani ya maneno kuna saa ya muamala, na simu yako nayo inaonyesha saa meseji ilipoingia. Hizo ni saa tofauti. Kisha angalia kwenye orodha ya simu ulizopiga, ulimpigia mzee saa ngapi.

MnunuziKongwa

Nimeangalia. Simu kwa mzee ni 2:11 mchana, nilimpigia palepale menyu ilipokufa. Meseji ya kwanza ndani imeandikwa 2:19. Ya pili 2:20. Zote zimeingia kwenye simu 2:33.

Salio nililiangalia nikishakata simu ya mzee, kisha ndiyo nikarudia kutuma. Kwa hiyo yote hayo yalikuwa kabla ya 2:19??

Mchana_Kodi

Ndiyo. Na hapo ndipo kesi yako ilipo.

FundiMinara yuko sahihi kuhusu nafasi nane, na siku za soko hilo linaua menyu nyingi. Lakini menyu inayouawa na msongamano wa mnara mara nyingi inakataa mwanzoni kabisa, haifunguki. Yako ilifunguka ikafika hadi namba ya siri. Halafu, simu ya kawaida nayo inaanza kuunganishwa kwa kupitia nafasi hizohizo. Wewe umempigia mzee palepale na ikaita. Mnara ulikuwa unapumua.

Kilichotokea ni hiki. Unachokiona kwenye skrini unaongea na seva ya menyu. Hiyo haina pesa, kazi yake ni kuuliza maswali na kusubiri majibu. Ukishaweka namba ya siri, inapeleka ombi kwa seva nyingine inayotunza fedha, halafu inasubiri. Kusubiri huko kuna kikomo, kila kampuni inajipangia, ni suala la sekunde. Seva ya fedha ikizidiwa, ombi lako linakaa foleni. Seva ya menyu inafika kikomo, inakata mawasiliano, wewe unaona ile sentensi ya kizungu. Ila hakuna anayerudi kulitoa ombi lako kwenye foleni. Lilikaa hapo tangu 2:11 au kabla kidogo, likafanyiwa kazi 2:19. Ulipoangalia salio, lilikuwa halijaguswa, kwa hiyo salio ulilosomewa lilikuwa la kweli kwa dakika ile. La pili lilipanga nyuma yake, likapita 2:20.

Kuanzia 2:20 hadi 2:33 ni kuchelewa kwingine kabisa, kwa upande wa meseji. Meseji zina kituo chao cha kuzihifadhi na kuzituma, hazimo ndani ya menyu.

MnunuziKongwa

Kwa hiyo wanaponiambia "umetuma mara mbili" wanajua kwamba menyu yao iliniambia imeshindikana?

Mchana_Kodi

Seva ya menyu ina kumbukumbu kwamba ilikata kabla ya kupata jibu. Seva ya fedha ina kumbukumbu ya maombi mawili, yote yana namba ya siri sahihi. Wa huduma kwa wateja kwa kawaida anaona ya pili tu. Kwake wewe ni mtu aliyetuma mara mbili.

FundiMinara

Kwa saa hizo nakubali, si mnara. Ila swali, mbona programu ya simu ya kampuni hiyohiyo haifanyi hivi? Seva ya fedha si ni moja?

Mchana_Kodi

Ni moja, na foleni ni ileile. Tofauti ni kwamba programu iliyotengenezwa vizuri inaliwekea ombi namba yake ya pekee kabla halijaondoka kwenye simu. Mtandao ukikata, ikirudi inauliza: ombi namba fulani limefikia wapi? Ukibonyeza tena inatuma namba ileile na seva inajua ni ombi lile la kwanza. Menyu ya nyota na reli haiachi kitu kwenye simu. Mazungumzo yakikatika yamefutika, ukipiga tena wewe ni mgeni anayeanza upya. Simu haina mahali pa kushikilia namba ya ombi, na hiyo haitabadilika hata wajenge minara mia.

Lakini seva ingeweza kukulinda. Tulichofanya kwenye menyu za ushirika ni kwamba namba ileile ikituma kiasi kilekile kwa mpokeaji yuleyule ndani ya dakika chache, menyu inauliza kwanza: "Kuna ombi kama hili halijakamilika. Endelea? 1 Ndiyo 2 Hapana." Ukurasa mmoja wa menyu unabeba herufi 182 tu, na sentensi hiyo inaenea bila shida. Jambo la pili, ukishaweka namba ya siri, menyu isisubiri seva ya fedha. Ifunge yenyewe kwa kukuambia ombi limepokelewa, ikupe namba ya kumbukumbu, usubiri meseji. Hiyo si kazi ngumu. Nakasirika kama wewe ninapoona haijafanywa.

Jirani_wa_Nkuhungu

Kuna ndugu yangu aliniambia ukiweka simu 2G kabla ya kupiga menyu haikati. Ni kweli?

FundiMinara

Inasaidia kwa baadhi. Simu nyingi zikiwa 4G hulazimika kushuka kwenye mtandao wa chini kwanza ndipo menyu ipite, na kule kushuka ndiko kunakokata. Ila sokoni ukishuka 2G unaingia kwenye zile nafasi nane na umati wote. Kwa kesi ya Mnunuzi isingebadilisha kitu.

MamaWaChangombe

Sasa jamani mtu afanye nini pale pale, mwenye mzigo amesimama mbele yako? Hizo seva sisi hatuzioni.

Mchana_Kodi

Mama, menyu ikikata kabla ya namba ya siri, rudia bila wasiwasi, hakuna ombi lililoondoka. Ikikata baada ya namba ya siri, ichukulie pesa kama imeshatoka mpaka uthibitishe vinginevyo. Salio la mara moja halitoshi, umeona lilivyomponza Mnunuzi. Acha muda upite, angalia tena, angalia na orodha fupi ya miamala kama menyu yako inayo. Mpokeaji aangalie kwake pia. Kama ni lazima ulipe muda ule, lipa kwa njia nyingine, noti au laini ya kampuni tofauti.

MnunuziKongwa

Nani ana 640,000 nyingine mfukoni sokoni? Nimekuelewa mkuu, lakini nakataa mzigo huu uwe wangu. Mzee wa Kiteto nimempata, ni mtu mwema, amesema ameshanunulia mbolea sehemu ya pesa na atanirudishia kidogokidogo. Kampuni haijarudisha hata makato ya muamala wa pili.

Narudi ofisini kwao hapa mjini Dodoma na saa hizo nne nimeziandika: 2:11, 2:19, 2:20, 2:33. Nitataka waniwekee kwa maandishi kwa nini menyu ilikata. Wakikataa napeleka TCRA.

Mchana_Kodi

Dai kumbukumbu za seva ya menyu kwa namba yako, tarehe hiyo, kati ya 2:05 na 2:20. Taja neno kumbukumbu za menyu, usiseme taarifa ya miamala, maana hiyo watakuchapishia palepale na itaonyesha walichokwisha kukuambia. Kuhusu nani abebe hasara, hilo sina jibu. Na suala la fedha lina Benki Kuu pia, si TCRA peke yake.

FundiMinara

Ukijibiwa weka humu, hata kama ni jibu baya. Mimi nina shemeji Mpwapwa alikatwa hivihivi kwenye alizeti na aliambiwa maneno yaleyale.