Plagini iliyozimwa bila kusasishwa: imelala kweli?

Mwenye Tovuti: Plagini za WordPress nisizozitumia nimezizima, sijazifuta wala kuzisasisha. Jamaa anayenisaidia anadai wadukuzi hupitia humo. Mimi naona iliyozimwa imelala. Na hizi zinazofanya kazi, si bora zijisasishe zenyewe, yaishe?

Fundi Seva: Jamaa yako yuko sahihi. Ukizima, WordPress inaacha tu kuipakia plagini. Mafaili yake yanabaki kwenye seva, na faili la PHP mara nyingi linaweza kuitwa moja kwa moja kwa anwani yake. Angalia plagini ya WP File Manager, Septemba 2020. Ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, na ndani yake ilibeba maktaba ya elFinder. Maktaba hiyo huja na faili la mfano lenye jina linaloishia `.dist`, makusudi ili seva isiliendeshe. Watengenezaji wa plagini wakaliondoa hilo `.dist`, likabaki hivi:

```
wp-content/plugins/wp-file-manager/lib/php/connector.minimal.php
```

Faili hilo halikuuliza nywila wala kuangalia kama plagini imewashwa. Mdukuzi alilitumia kupandisha faili lake la PHP, likatua kwenye folda ya `lib/files`, akalifungua kwa kivinjari, na seva ikaanza kutii amri zake. Toleo la 6.0 hadi 6.8 yote yalikuwa wazi, 6.9 ndiyo iliyoziba. Aliyeizima na aliyeiwasha, wote walikuwa kundi moja.

Bi Funguo: Mnazunguka. Wengi wanavamiwa kwa nywila dhaifu. Na nani apoteze muda kutafuta tovuti ndogo isiyo na pesa?

Fundi Seva: Nywila dhaifu ni tatizo kweli, dada, sibishi. Ila hapo juu haikuhitajika nywila yoyote, hata ingekuwa na herufi hamsini. Na hakuna anayekutafuta wewe: roboti zinagonga anwani ileile kwenye kila tovuti zinayoikuta. Tena marekebisho yenyewe ndiyo yanayofichua tundu. Toleo jipya likitoka, mtu analiweka kando ya la zamani, anatazama mistari iliyobadilika, na anajua pa kupigia. Ndiyo maana plagini iliyokuwa haina habari juzi inageuka hatari wiki hii, bila wewe kugusa kitu.

Duka la Picha: Mbona mimi nilisasisha vyote, dashibodi haikudai chochote, na bado nikaingiliwa? Wageni wanaotoka kwenye injini ya utafutaji wanatupwa kwenye matangazo ya dawa. Mimi nikifungua naona sawa kabisa.

Fundi Seva: Mandhari yako uliinunua? Mwaka 2014 plagini ya Slider Revolution ilikuja imefungashwa ndani ya mandhari nyingi za kulipia. Wenye tovuti hata hawakujua wanayo, na dashibodi ilikaa kimya kwa sababu ilimsubiri mtengeneza mandhari atoe toleo lake. Kabla ya 4.2, mtu asiye na akaunti aliweza kupakua `wp-config.php`, iliyo na nywila ya hifadhidata. Siwezi kusema kwako ni hivyo, lakini anzia hapo. Halafu kusasisha baada ya kuvamiwa hakufukuzi aliyekwisha kuingia. Tafuta PHP mahali pa picha:

```
find wp-content/uploads -name "*.php"
```

Plagini chache huacha faili tupu la `index.php` humo, hilo lisikutishe. Lenye mistari mirefu ya herufi zisizosomeka ndilo la kufuatilia. Kagua pia orodha ya wasimamizi: je, kuna usiyemjua?

Mkaidi: Sasa turudi kwenye kujisasisha. Mwaka 2017 plagini ya Display Widgets iliuzwa, na mmiliki mpya akaingiza ndani ya matoleo mapya msimbo wa kupachika kurasa za takataka kwenye tovuti za watu. Aliyebaki na toleo la zamani alisalimika, aliyesasisha ndiye aliyeumia! Halafu mnatuambia tuache mlango wazi kwa kila mwandishi wa plagini?

Fundi Seva: Hoja ni halali, ila hayo ni machache mkuu, na matundu ya kawaida yanatokea kila wiki. Mimi nawasha kujisasisha, na nakala rudufu ya kila siku inakaa nje ya seva ileile.

Mkaidi: Duka likivunjika usiku wa manane oda zikipotea, nakala ya jana haizirudishi. Nitasasisha kwa mkono, kwenye nakala ya majaribio kwanza.

Fundi Seva: Sawa, mradi uifanye siku toleo linapotoka. Wengi wenye msimamo wako husasisha mwezi unaofuata.

Mwenye Tovuti: Nafuta zilizozimwa. Na mandhari nisizotumia?

Bi Funguo: Futa pia. Ila kama yako ni mandhari mtoto, usiguse mandhari mama, tovuti itaanguka. Bakiza na moja ya WordPress yenyewe kwa dharura, na hiyo nayo uisasishe.